Miche 4,000 Ileile, Kichanja Kilekile, na Trei 81 Zilizolala Chini

Trei ilikataa kunyanyuka.

Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Julai, saa moja asubuhi, ukungu umeketi juu ya migomba kama unavyoketi huku Nkoaranga msimu mzima wa baridi. Mzee mmoja kutoka Kikatiti alikuwa amesimama mlangoni mwa kitalu, pikapu ya kukodi inanguruma barabarani. Niliinama chini ya kichanja, nikashika trei ya nyanya kwa mikono miwili, nikavuta. Ikagoma. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ikatoka na mlio wa kitambaa kinachochanika.

Nikaigeuza. Kila tundu lilikuwa limeota ndevu nyeupe za mizizi kwa chini, zote zimekatika. Nusu yake nyingine ilikuwa imebaki ardhini.

"Kijana, hii ni miche au ni magugu umeyang'oa?" mzee akauliza. Hakuwa anatania.

Nilimpunguzia bei, akachukua. Alipanda jioni ileile. Alhamisi akanipigia simu, na kabla sijamaliza shikamoo akasema miche yangu imelala chini yote, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Nilijua sababu. Mche uliopoteza nusu ya mizizi yake asubuhi hauwezi kusimama juani mchana, hata kama umemwagiliwa vizuri.

Kilichonikosesha raha wiki zote zilizofuata si hasara ile, ni swali jingine kabisa. Trei zile zilifikaje chini? Nilijenga vichanja kwa hesabu, nikaacha na nafasi ya ziada. Tangu Januari hadi Julai sikuongeza hata mche mmoja kwenye oda zangu.

Kichanja kilekile, miche ileile, na bado nafasi iliisha.

## Hesabu niliyoiamini

Lengo langu lilikuwa miche 4,000 ya nyanya inayouzika kila Jumatatu. Wateja wangu ni wa bustani ndogo, huyu miche 800, yule 1,500. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 45, ekari nzima inakula karibu miche 10,000, kwa hiyo 4,000 kwa wiki si kitalu cha kutisha.

Natumia trei za matundu 128. Kosa la kwanza ambalo kila anayeanza hulifanya ni kugawa 4,000 kwa 128, akapata trei 32 na kuridhika. Tundu si mche. Mbegu zangu zilikuwa zinaota 90 kwa kila 100, na katika hizo zilizoota, kama tano kwa 100 zinatoka dhaifu, zimepinda, au zinakatwa na ugonjwa wa kinyausi zikiwa na majani mawili tu. Kwa hiyo kati ya matundu 100 unauza miche 85 au 86. Gawanya 4,000 kwa 0.855, unapata matundu 4,678. Gawanya kwa 128, unapata trei 36 na nusu. Nusu trei haipo, basi ni 37.

Hiyo 90 siichukui kwenye pakiti. Wiki moja kabla ya kusia natandaza mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, nakikunja, nakiweka mahali pa joto, kisha nahesabu zilizotoa mzizi. Pakiti inaeleza mbegu ilivyokuwa siku ilipofungwa, si ilivyo baada ya kukaa dirishani dukani.

(Kama unasia Tanya au Tengeru 97, zile mbegu zilizotolewa hapa kwetu mwaka 1997 ambazo hazikuumizi mfuko, unaweza kuweka mbegu mbili kila tundu, kisha ukatoa mche mmoja. Mbegu zote mbili kugoma tundu moja ni jambo la nadra. Kwa mbegu chotara inayouzwa kwa kuhesabiwa punje, hilo ni anasa.)

Sasa kichanja. Trei yangu ina urefu wa sentimita 54 na upana wa 28. Nilizilaza mbilimbili, kichwa kwa kichwa, kukatiza upana wa kichanja. Mbili zinachukua sentimita 108, nikaagiza kichanja cha mita 1.1. Kila jozi inakula sentimita 28 za urefu. Nikaipa 30, maana trei zilizobanana hazitoki bila kuvunja majani ya jirani. Trei 37 ni jozi 19, na jozi 19 kwa sentimita 30 ni mita 5.7.

Hiyo ni wiki moja. Mche wa nyanya unakaa kitaluni wiki nne, na kila Jumatatu kundi jipya linaingia kabla la zamani halijatoka. Hapo sikukosea. Trei 37 mara nne ni 148. Nikajenga vichanja viwili vya mita 12, jumla mita 24, yaani jozi 80, trei 160. Nafasi 12 za ziada.

Nilijiona mhandisi.

## Kwa nini kichanja, si ardhi

Niseme hili moja upesi, maana ndilo lililoilaza miche ya mzee wa Kikatiti.

Kichanja changu ni mbao mbili kwa mbili, juu kimetandikwa wavu wa chuma, hakuna ubao. Mzizi ukifika kwenye tobo la chini ya tundu unakutana na hewa, ncha yake inakauka, na mche unaanza kutoa mizizi midogomidogo ndani ya tundu. Baada ya wiki kadhaa udongo wote umeshikwa. Ukivuta mche kwa shina, unatoka na bonge lake zima, lina umbo la tundu kama andazi lililotoka kwenye kibati.

Ukiweka trei chini, mzizi haukutani na hewa. Unakutana na ardhi, unaendelea na safari. Kwa juu mche unaonekana una afya kuliko wenzake, kijani kibichi, shina nene. Ndiyo maana nilichelewa kugundua. Miche ya chini ilikuwa inapendeza.

## Tarehe saba

Baada ya simu ya Alhamisi nilikwenda kitaluni bila kazi maalumu. Nilitaka kutembea tu.

Kwenye kila kundi nachomeka kijiti chenye tarehe ya kusia. Nikaanza mwisho wa kichanja cha kwanza, nikawa nasoma kijiti kimoja kimoja kama mtu anayesoma majina makaburini. Januari ningekuta tarehe nne. Siku ile nilihesabu tarehe sita, na kwenye kona, chini ya kichanja cha pili, nikakuta ya saba.

Nikahesabu tena. Saba.

Kumbe hakuna mche ulioongezeka. Kilichoongezeka ni siku za kila mche. Tangu Juni mbegu zilizokuwa zinachomoza siku ya tano zilikuwa zinachomoza siku ya kumi. Mche ambao Februari ulikuwa na majani manne halisi siku ya 28, sasa siku ya 28 ulikuwa na mawili na la tatu linajifikiria, mgongo wa jani una zambarau kwa sababu ya baridi. Wiki nne zilikuwa zimekuwa sita, na mimi nilikuwa bado nasia trei 37 kila Jumatatu kama saa ya ukutani.

Trei 37 mara sita ni 222.

Ile tarehe ya saba ilikuwa habari nyingine. Hiyo ilikuwa miche tayari ambayo wateja hawakuja kuichukua kwa wakati. Mvua imemkwamisha mmoja, trekta halijafika kwa mwingine, wa tatu hapokei simu. Kwa wastani wa msimu ule karibu nusu ya miche ilichelewa wiki moja. Nusu ya 37, sema 19. Jumla trei 241 zikitafuta mahali kwenye vichanja vya trei 160.

Tofauti ni 81. Nilikwenda kuzihesabu zilizokuwa chini, nikapata 79. Mbili nadhani alizichukua mzee.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikatambua kuwa kwa miezi saba nilikuwa nauliza swali lisilo sahihi. Nilikuwa nauliza miche elfu nne inahitaji mita ngapi. Mita hazijazwi na miche peke yake. Trei moja ikikaa wiki sita imekula kichanja sawa na trei sita zilizokaa wiki moja. Kipimo changu tangu siku ile ni trei-wiki. Naandika hivyohivyo kwenye daftari, na binti anayenisaidia ananicheka.

## Wiki nne za mtu mwingine

Sasa ile namba nne niliitoa wapi?

Niliitoa Moshi. Jamaa yangu ana kitalu kule chini, upande wa Arusha Chini, kwenye tambarare za miwa, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Kabla sijanunua hata mbao moja nilimpigia nikamwuliza nyanya inakaa siku ngapi. Akasema 28, na kwake ni kweli. Nilimpigia tena Julai, nikamwuliza baridi imemfanyaje. Akaniuliza baridi gani.

Mimi niko kwenye mteremko wa Meru. Juni hadi Agosti tunashinda siku nzima bila kuona jua, na usiku unalala na blanketi mbili. Nyanya inapenda kuota kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Zikishuka kuelekea 15, mbegu haifi, inasubiri tu, na trei inasubiri nayo juu ya wavu.

Sikuwahi kumkasirikia. Alijibu alichoulizwa.

Ila ninawaambia wanaoniuliza sasa: kabla ya kupima kichanja, sia trei moja mwezi wa Julai, andika tarehe, na uone inatoka lini. Kichanja kinapimwa kwa mwezi wake mbaya. Miezi mizuri itakuwa na nafasi tupu, na nafasi tupu haimlazii mteja miche.

## Nikakimbilia trei za matundu 200

Jibu la kwanza lililonijia lilionekana la busara sana. Trei ya matundu 200 ina ukubwa uleule, 54 kwa 28. Matundu 4,678 yanaingia kwenye trei 24 badala ya 37. Trei 24 mara sita ni 144. Zinaingia kwenye vichanja vyangu bila kugusa msumari.

Nikasia kundi moja nusu kwa nusu.

Hadi wiki ya nne sikuona tofauti, na nilianza kujilaumu kwa kutojua mapema. Wiki ya tano majani yakagusana. Katika trei ya 200 miche imebanana, kila mmoja anamtafutia mwenzake kivuli, na mche uliokosa mwanga pembeni unakwenda juu. Wiki ya sita ilikuwa mirefu, myembamba, inainama upepo ukipita. Nikavuta mmoja: bonge dogo, karibu nusu ya lile la 128, mizizi imezunguka na kuanza kuwa rangi ya chai, majani ya mwanzo yamegeuka njano. Ile ya 128 ilikuwa bado imesimama na ingeweza kungoja wiki nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukiona kwenye hesabu. Tundu dogo linapunguza mita za kichanja, lakini linapunguza pia siku ambazo mche unaweza kumsubiri mteja. Ningekuwa na wateja wanaofika siku ile ile niliyowaambia, ningetumia 200 kwa furaha. Kwa kabichi naitumia hadi leo, maana kabichi haijinyooshi ovyo kama nyanya. Lakini kwa wateja wangu, wanaosema Jumatatu na kumaanisha wiki ijayo, tundu la 128 ndiyo akiba yao ya uzembe.

## Fundi na mkono wa binti

Jibu la pili alilileta fundi seremala. Aliangalia vichanja, akasema, "Bosi, upana huu unachezea nafasi. Tuweke trei tatu kukatiza."

Tatu kichwa kwa kichwa ni sentimita 162. Jozi 80 zinakuwa safu 80 za trei tatu, yaani trei 240. Pungufu ya moja tu kwa zile 241! Nilitaka kumkumbatia.

Kisha nikamwita binti, nikaweka trei tatu juu ya meza ya muda, nikamwambia anyanyue ya katikati. Uso wa meza ulikuwa kwenye nyonga yake. Alinyosha mkono, akafika, lakini ili kuinyanyua ilibidi aegemee, na kiwiko chake kikalala juu ya miche ya trei ya mbele. Alinitazama bila kusema neno. Trei ya katikati ndiyo isiyofikiwa vizuri na bomba, ndiyo isiyokaguliwa kila asubuhi, na ndiyo kinyausi kinapoanzia, kwa sababu hewa haipiti na udongo haukauki.

Halafu kuna banda lenyewe. Lina upana wa mita nne. Vichanja viwili vya mita 1.1 ni mita 2.2, njia tatu za sentimita 60 ni mita 1.8, jumla nne kamili. Ukipanua vichanja hadi mita 1.65 kila kimoja, njia zote tatu zinabaki na sentimita 70 za kugawana. Unaweza kuvisukuma vichanja ukutani na kubaki na njia moja, lakini sasa kila kichanja unakifikia kwa upande mmoja tu, na trei ya mwisho iko zaidi ya mita moja kutoka tumboni mwako.

Fundi alipima mara mbili, akafunga futi yake. "Basi ongeza banda."

Hilo lilikuwa jibu la tatu. Mita 24 zangu zinabeba trei 160, trei 241 ni jozi 121, na jozi 121 ni mita 36 na kidogo. Mita 12 zaidi za kichanja, na paa lake, na nailoni yake, na wavu wake wa kuzuia inzi weupe na kanitangaze. Kwa kazi ya miezi mitatu kwa mwaka.

Nililala nalo siku nne.

## Wiki ya kwanza haihitaji mwanga

Jambo lililonitoa pale lilikuwa la kipuuzi. Nilikuwa nasoma vijiti tena, nikasimama mbele ya trei zilizosiwa siku sita nyuma. Udongo mtupu. Hakuna kitu kimechomoza. Trei 37 za udongo zimelala juu ya mita 5.7 za kichanja, zinaota mwanga ambao mbegu haiutaki.

Mbegu ya nyanya ikiwa bado haijachomoza inahitaji unyevu na joto. Mwanga hauihusu. Inaweza kukaa popote, hata juu ya mwenzake.

Basi sasa nikisha kusia na kumwagilia, nazipanga trei stoo, ile inayopakana na jiko, moja juu ya nyingine kwa kupishana ili ya juu isizame kwenye matundu ya chini. Marundo ya trei kumi kumi, juu ya kila rundo trei tupu, kisha nafunika rundo zima kwa nailoni. Ukuta wa jiko unashika joto la kuni hadi usiku. Kule nje mbegu zilikuwa zinachukua siku kumi, stoo zinachukua sita, saba zikizidi.

Hili lina adhabu yake. Nyanya ikianza kuchomoza, inatoa kwanza kijishingo kilichopinda. Ukikiona kwenye trei mbili tatu, zote zinatoka siku hiyohiyo kwenda kichanjani, hata kama nyingine bado hazijaonyesha kitu. Kundi langu la pili la stoo nililiangalia Jumamosi asubuhi, hakuna kitu. Jumapili nikaenda kwenye msiba Machame, nikarudi Jumatatu mchana. Nikafunua nailoni nikakuta nyuzi nyeupe za urefu wa kidole, zinatafuta mwanga pembezoni mwa trei kama tambi. Trei 14 nzima nilizitupa. Shina lililorefuka gizani halinenepi tena, hata ulipe jua la Januari.

Siku hizi kunakaguliwa asubuhi na jioni, na kama sipo, binti ndiye mwenye funguo.

## Wiki ya mwisho haihitaji banda

Ukishaona kwamba wiki ya kwanza ilikuwa imepanga bure, unaanza kuitazama ya mwisho kwa jicho baya.

Wiki ya mwisho mche hautakiwi kudekezwa. Unapunguziwa maji, unatolewa kwenye kivuli, unazoeshwa jua na upepo wa shambani. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa kukunja nailoni ya ukutani na kujidanganya kuwa nimeizoesha. Ilikuwa bado ndani ya banda, bado juu ya kichanja cha gharama.

Nikamwita fundi tena. Safari hii sikutaka mbao wala paa. Mirunda, wavu wa chuma uleule, na matao ya fito yaliyovishwa wavu wa wadudu, maana ukitoa nyanya nje bila wavu unawaalika inzi weupe wauze ugonjwa wa majani kujikunja kabla mteja hajalipa. Nilimpa hesabu: kundi moja la trei 37 linalozoeshwa, pamoja na trei 19 za wachelewaji. Jumla 56, jozi 28, mita 8.4.

"Tufanye tisa," akasema. Tukafanya tisa.

Sasa rudi kwenye wiki sita za Julai. Ya kwanza iko stoo. Ya sita iko nje. Ndani ya banda zimebaki wiki nne, na trei 37 mara nne ni 148.

Nilikaa tena juu ya ile ndoo. Namba ileile ya Januari, ya jamaa wa Moshi, imerudi kwa mlango wa nyuma.

Sijui kama ni sahihi kuita huo ufumbuzi. Agosti ikiwa na wiki mbili mfululizo bila jua, kuna kundi litaomba wiki ya saba, na hapo nitakuwa na trei 185 kwenye nafasi 160. Kwa hilo nina jambo moja tu la kufanya, nalo linafanyika mwezi mmoja na nusu kabla: kupunguza kinachosiwa Juni. Wateja wa mwisho wa Julai nawaambia mapema kuwa nina miche 3,000 na si 4,000. Trei 28 badala ya 37. Nilikuwa naogopa kusema hivyo. Ilikuwa rahisi kupokea oda na kuitafutia mahali chini ya kichanja.

Wachelewaji nao wamepewa utaratibu. Anayelipa nusu anapewa tarehe, na miche inamngoja siku saba. Siku ya nane naiuza kwa yeyote aliye mlangoni, na nusu yake inahamia kwenye kundi linalofuata. Wawili wamenuna. Waliobaki wameanza kufika Jumatatu ya kweli.

## Mama wa hoho

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Maji ya Chai, anataka miche 2,000 ya pilipili hoho, mara moja tu, si kila wiki. Kwa masikio ya zamani hiyo ni nusu ya oda yangu ya nyanya. Kwa urahisi ningesema ndiyo.

"Subiri kidogo mama," nikasema, nikafungua daftari.

Hoho kwangu inatoa miche minane ya kuuza kwa kila matundu kumi, kwa hiyo 2,000 ni matundu 2,500, trei 20. Msimu huu inakaa wiki nane. Trei 20 mara nane ni trei-wiki 160. Kundi moja la nyanya, miche 4,000, linakula trei 37 mara sita, yaani 222. Nusu ya miche inakula zaidi ya theluthi mbili za kichanja. Na ndani ya banda nina nafasi 12 tu, zile zile za ziada tangu Januari.

Trei 12 za 128 zinanipa hoho 1,200 na kidogo.

"Mama, naweza kukupa 1,200. Nyingine 800 nitazisia zile za nyanya zikipungua, uzichukue mwishoni mwa Oktoba."

Alifikiri, akahesabu kwa vidole kitu chake mwenyewe, pengine matuta.

"Na hizo 1,200 nije lini?"

Nilimtajia Jumatatu, tarehe, na siku ya mwisho ya kungojewa. Akaandika nyuma ya risiti ya mbolea, akaikunja, akaiweka kwenye kibindo. Binti alikuwa ameshaanza kujaza trei udongo.